Jibu Moja Limepotelea Wapi? Kukagua Mlinganyo wa Kwadratiki, Dalili kwa Dalili

Jioni wanafunzi wa Kidato cha Pili na cha Tatu hupitia kibarazani kwangu hapa Mbagala na madaftari yao. Tukifika kwenye milinganyo ya kwadratiki, ile yenye x², kosa linalonirudia kuliko yote ni la jibu lililopotea. Mwanafunzi kaandika x = 4, kapiga mistari miwili chini yake, kafunga daftari, na hesabu ilikuwa na majibu mawili.

Binti mmoja aliniletea hesabu ya 3x² = 12x. Jibu lake lilikuwa 4 tu. Nilipomwuliza kama amehakiki, alinijibu kwa uhakika kabisa: "Ndiyo, Mwalimu. Nimeirudisha 4. Kushoto 48, kulia 48." Alikuwa sahihi, na bado alikosa nusu ya jibu.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Kurudisha jibu kwenye mlinganyo kunalipima jibu uliloliandika. Hakuwezi kukuambia kwamba lipo lingine ambalo hukuliandika. Ni kama kuita majina ya waliokaa darasani: wote wataitika, na aliyebaki nyumbani hutamjua. Kwa hiyo ukaguzi unahitaji vitu viwili zaidi, na vyote ni vya dakika moja.

Kabla ya dalili yoyote

Peleka kila kitu upande mmoja hadi mlinganyo usomeke hivi:

```
ax² + bx + c = 0
```

Kisha tafuta kibainishi, yaani ile sehemu inayokaa ndani ya alama ya kipeuo kwenye kanuni ya x = (−b ± √(b² − 4ac)) ÷ (2a). Sehemu hiyo ni b² − 4ac. Kikiwa chanya, majibu ni mawili tofauti. Kikiwa sifuri, jibu ni moja linalojirudia. Kikiwa hasi, hakuna jibu miongoni mwa namba tunazozitumia hadi Kidato cha Nne. Kibainishi ndicho kinachokuambia idadi.

Cha pili ni jumla na zao la majibu. Ukijumlisha majibu mawili lazima upate −b/a, na ukiyazidisha lazima upate c/a. Hii ni kweli kwa kila mlinganyo wa kwadratiki, hata majibu yakiwa na vipeuo visivyotoka sawasawa.

Turudi kwa binti yule. 3x² − 12x = 0, kwa hiyo a ni 3, b ni −12, c ni 0. Kibainishi ni 144, chanya, kwa hiyo majibu ni mawili. Jumla yake lazima iwe 12 ÷ 3, yaani 4. Yeye tayari ana 4. Lililobaki ni 4 − 4 = 0. Jibu lililopotea ni sifuri, na zao linathibitisha: 4 × 0 = 0, ambayo ndiyo c/a.

Dalili ya kwanza: jibu ni moja, lakini kibainishi ni chanya

Sababu ya kwanza, na kwenye madaftari ninayosahihisha inaziacha nyingine mbali, ni kugawanya pande zote kwa kitu chenye x ndani yake. Binti yule aligawanya kwa 3x. Kugawanya kwa 3 hakuna shida, maana 3 ni 3 siku zote. Lakini x hatuijui, na inaweza kuwa sifuri. Ukigawanya kwa x umeshaamua kimyakimya kwamba x si sifuri, na kama sifuri lilikuwa jibu, umelifukuza mwenyewe. Tafuta kwenye daftari mstari ambao x² imekuwa x ghafla. Mara nyingi jibu limefia hapo.

Namna ya kurekebisha ni kuacha kugawanya. Toa kilicho cha pamoja nje ya mabano: 3x(x − 4) = 0. Zao likiwa sifuri, mmojawapo wa wanaozidishwa ni sifuri: ama 3x = 0, ama x − 4 = 0. Majibu ni 0 na 4.

Kosa hilohilo huja limevaa nguo nyingine, na hapo huwanasa hata wanafunzi wazuri. Angalia hii:

```
(x − 3)(2x + 1) = 5(x − 3)
```

Mwanafunzi anaona (x − 3) pande zote, anaifuta, anabaki na 2x + 1 = 5, anapata x = 2. Ukirudisha 2 inakubali. Sasa fungua mabano: 2x² − 5x − 3 = 5x − 15, kisha 2x² − 10x + 12 = 0. Gawanya kwa 2, hiyo inaruhusiwa, upate x² − 5x + 6 = 0. Kibainishi ni 25 − 24 = 1. Majibu ni mawili, jumla yake 5. Kama moja ni 2, lingine ni 3. Na 3 ndiyo namba inayofanya (x − 3) kuwa sifuri, yaani kile kilichofutwa. Huwa hivyo kila mara: jibu lililopotea kwa kugawanya ni lile linalofanya kigawanyo kiwe sifuri. Ukimwonyesha mwanafunzi hili kwenye daftari lake mwenyewe, hulikumbuka.

Sababu ya pili ni kutoa kipeuo bila alama ya ±. Kwenye (x − 4)² = 25, mwanafunzi anaandika x − 4 = 5 na kupata 9. Lakini −5 nayo ikijizidisha inatoa 25. Upande wa pili ni x − 4 = −5, na x = −1. Hapa kagua mstari ambao mraba umeondoka: kama hakuna ± kwenye mstari unaofuata, umeshapata pa kuanzia. Wanaofanya kosa hili zaidi ni waliozoea maswali kama x² = 49, ambako huandika 7 wakapumzika.

Sababu ya tatu ni mwanafunzi kulipata jibu kisha kulitupa. Utaona −3/2 imeandikwa pembeni na kukatwa. Ukimwuliza anasema "hasi haiwezi kuwa jibu." Kaichukua kwenye maswali ya viwanja na umri, ambako ni kweli, akaipeleka kila mahali. Mlinganyo mtupu usiosimulia kitu chochote hauna sababu ya kukataa hasi, wala sehemu, wala sifuri.

Mara chache unakuta ± iliandikwa vizuri kwenye kanuni, kisha mwanafunzi akafanya upande wa kujumlisha tu. Hiyo ni haraka, si kutoelewa. Mwambie kila akifika kwenye ± apige mstari wima katikati ya ukurasa, kushoto afanye kujumlisha, kulia kutoa.

Dalili ya pili: majibu mawili yapo, lakini hayakubali yakirudishwa

Hapa usikimbilie kufuta na kuanza upya. Jumlisha majibu mabaya aliyoyapata, kisha yazidishe. Namna yanavyokosea inakuonyesha mstari wenye kosa. Nitatumia mlinganyo mmoja tu ili uone tofauti:

```
2x² − 7x − 15 = 0
```

Kibainishi: 49 + 120 = 169, na kipeuo chake ni 13. Majibu ni (7 + 13)/4 = 5 na (7 − 13)/4 = −3/2. Jumla ni 7/2, zao ni −15/2. Kwa vigawo ni (2x + 3)(x − 5) = 0. Shika hizo mbili, 7/2 na −15/2, kisha tazama madaftari.

Mwanafunzi ana −5 na 3/2. Zao ni −15/2, sawa. Jumla ni −7/2, namba ni ile lakini ishara imegeuka. Hii ndiyo ya kawaida kabisa. Kama alitumia kanuni, alisahau kwamba −b ya −7 ni +7. Kama alitumia vigawo, vigawo vyake ni sahihi ila kwenye (x − 5) kasoma −5 moja kwa moja, badala ya kuandika x − 5 = 0 na kuhamisha.

Mwingine ana 3 na −5/2. Zao ni −15/2, sawa tena, lakini jumla ni 1/2, namba ngeni kabisa. Huyu kaweka namba sahihi kwenye mabano yasiyo yake: (2x + 5)(x − 3). Ukifungua mabano hayo unapata 2x² − x − 15. Mwanzo na mwisho vimetoka vizuri, cha katikati kimeharibika. Wakati a ni 1 kosa hili halionekani, kwa kuwa mabano yote mawili yanafanana mwanzoni. Likija na a kubwa, mweleze atafute namba mbili ambazo zao lake ni a × c, yaani −30, na jumla yake ni −7. Ni −10 na 3. Kisha avunje cha katikati: 2x² − 10x + 3x − 15, atoe 2x(x − 5) + 3(x − 5). Mabano yanajipanga yenyewe.

Wa tatu ana 10 na −3. Yote ni mara mbili ya majibu ya kweli. Jumla 7, zao −30. Aligawanya kwa 2 badala ya 2a.

Wa nne ana 10.25 na 3.75. Jumla yake ni 14, yaani 7 mara mbili. Mstari wa sehemu ulikuwa mfupi: aligawanya 13 peke yake kwa 4, na 7 akaiacha juu bila kugawanywa. Kwenye kikokotoo hutokea hivyohivyo mtu asipofunga mabano kwenye kiasi chote kabla ya kubonyeza kugawanya.

Wa tano jumla yake ni sahihi kabisa, 7/2, lakini zao si −15/2. Huyu mpeleke moja kwa moja kwenye kibainishi, kwa sababu ukijumlisha majibu mawili ya kanuni, ile sehemu ya kipeuo inajifuta, moja ikiwa na kujumlisha na nyingine kutoa. Kibainishi kikiwa kibaya kiasi gani, jumla haijui. Zao ndilo linalojua. Mara nyingi utakuta kaandika 4c badala ya 4ac, akapata 49 + 60 = 109.

Mimi hupenda sana kumfanya mwanafunzi alifanye hili mwenyewe. Akigundua kwamba kosa lake lina alama inayotambulika, huacha kusema "hesabu zinanikataa" na kuanza kutafuta mstari.

Kuna namna moja nyingine ya dalili hii, ambayo chanzo chake ni mapema zaidi. Mlinganyo ni (x − 2)(x − 3) = 6, na mwanafunzi anaandika x − 2 = 6 au x − 3 = 6, anapata 8 na 9. Kanuni ya "mmojawapo ni" inafanya kazi kwa sifuri peke yake. Sita inaweza kutoka kwa 2 na 3, kwa 1 na 6, kwa nusu na 12, hakuna mwisho. Fungua mabano: x² − 5x + 6 = 6, kwa hiyo x² − 5x = 0, na majibu ni 0 na 5. Nikiona mabano na upande wa kulia si sifuri, huwa siendelei kusahihisha hadi hilo lirekebishwe.

Dalili ya tatu: "Mwalimu, haina jibu"

Kwanza uliza "haina jibu" imetoka wapi. Kama mwanafunzi anamaanisha ametafuta vigawo akakosa, hilo halithibitishi chochote. Fanya kibainishi. Ikiwa a, b na c ni namba kamili, na kibainishi kimetoka mraba kamili kama 1, 49 au 169, vigawo vipo na arudi kuvitafuta. Kikiwa chanya lakini si mraba kamili, aache kupoteza muda kwenye vigawo na atumie kanuni. Mfano x² − 4x − 7 = 0: kibainishi ni 16 + 28 = 44, na majibu ni 2 + √11 na 2 − √11. Jumla 4, zao 4 − 11 = −7. Yamekubali, ingawa hayapendezi machoni.

Kama anamaanisha kibainishi kimetoka hasi, kagua ishara kabla ya kumwamini. Kosa kubwa hapa ni c ikiwa hasi. Kwenye 2x² − 7x − 15, 4 × 2 × (−15) ni −120, na kutoa −120 ni kujumlisha. Anayeandika 49 − 120 anapata −71 na kutangaza hakuna jibu. Kuna njia ya kulikamata kwa jicho tu: a na c zikiwa na ishara tofauti, kibainishi hakiwezi kuwa hasi kamwe, kwa sababu −4ac inakuwa chanya na b² haipungui chini ya sifuri.

La pili ni kikokotoo. Ukibonyeza −7² bila mabano, vikokotoo vingi vya wanafunzi vinasoma "saba mraba, kisha weka hasi" na kutoa −49. Iandikwe (−7)². Mraba wa b ukitoka hasi, ujue kosa ni la vidole.

Kama ishara zote ni sawa na kibainishi bado ni hasi, basi kweli hakuna jibu. Mfano x² + 2x + 5 = 0: 4 − 20 = −16. Andika hivyo, kibainishi ni −16 kwa hiyo hakuna jibu, na usilazimishe.

Dalili ya nne: jibu ni moja na kibainishi ni sifuri

Hapa hakuna kilichopotea. x² − 6x + 9 = 0 ni (x − 3)(x − 3) = 0. Jibu ni 3, na linahesabiwa mara mbili, ndiyo maana jumla ni 6. Asitafute lingine.

Dalili ya tano: swali la maneno, na majibu mawili yote yameandikwa

Hii ni kinyume cha kupoteza jibu. Wanafunzi walipanga kukodi gari kwenda Bagamoyo kwa shilingi 120,000, wachange sawa. Siku ya safari wawili hawakutokea, kila aliyebaki akaongeza 2,000. Walikuwa wangapi mwanzoni? Ukiita idadi n, unapata n(n − 2) = 120, yaani n² − 2n − 120 = 0. Kibainishi ni 484, kipeuo chake 22, na majibu ni 12 na −10.

Mlinganyo una majibu mawili, swali lina moja. Mwanafunzi aonyeshe yote mawili kwanza, kisha aandike sentensi ya kukataa: n haiwezi kuwa −10 kwa sababu ni idadi ya watu. Halafu ahakiki kwenye simulizi lenyewe, asiishie kwenye mlinganyo, maana mlinganyo wenyewe huenda ndio uliokosewa: 120,000 kwa 12 ni 10,000, kwa 10 ni 12,000, tofauti 2,000. Imekubali.

Wakati wa kusimama na kumpelekea mwalimu

Wazazi na kaka na dada wanaosaidia nyumbani, haya naomba myachukue kwa uzito. Kama kibainishi ni hasi na swali linasema "tafuta majibu", kwanza linganisheni daftari na kitabu au ubao, maana ishara moja ikinakiliwa vibaya mlinganyo unakuwa mwingine. Kama kunakili ni sawa, acheni hapo na mpeleke swali lenyewe kwa mwalimu wa somo. Msibadilishe ishara ili litoke.

Kama mtoto amekosea kutoa namba hasi, au kufungua mabano kama (x − 3)(x + 2), kwenye hesabu tatu mfululizo, acheni kwadratiki kabisa kwa siku hiyo. Tatizo liko nyuma yake, na kumkaririsha kanuni kutalifunika tu hadi mtihani. Mwandikieni mwalimu ni hatua ipi hasa inamshinda.

Na kama swali lina x kwenye asili ya sehemu au ndani ya alama ya kipeuo, ukaguzi wa hapo juu hautoshi. Kwenye √(x + 6) = x, ukiweka mraba pande zote unapata x² − x − 6 = 0, majibu 3 na −2, kibainishi 25, jumla na zao vyote sawa. Lakini √4 ni 2, si −2, kwa hiyo −2 si jibu la swali la mwanzo. Maswali ya namna hiyo lazima kila jibu lirudishwe kwenye mstari wa kwanza kabisa, na kama hamna uhakika ni lipi linabaki, liacheni daftarini na alama ya kuuliza hadi mwalimu aliangalie.